Sentensi ya silabi 111 na pumzi ya msemaji

MPWA wangu ni afisa wa kilimo wa nyanjani huko Ukambani. Majuzi alinitumia skripti ya video kupitia WhatsApp, kurasa tatu zilizopigwa chapa vizuri, akaandika chini yake: "Shikamoo mjomba. Hebu nisomee hii. Kiswahili naona kiko sawa, lakini watu hawakai."

Nilimpigia simu kumuuliza hao wasiokaa ni akina nani. Akanieleza kwamba video yake ya awali, iliyohusu mada iyo hiyo ya kukausha mahindi, ilifunguliwa na watu wengi wa kutosha, ila grafu ya watazamaji ilionyesha mstari ukiporomoka kabla hata ya nusu dakika kwisha. Waliobaki hadi mwisho walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Naye alikuwa na sababu ya kutaka wabaki. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliripotiwa kuugua baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Anayefanya kazi ya kilimo upande ule hawezi kuichukulia video ya kukausha mahindi kama mchezo.

Nilisoma skripti kimya kimya, nikakubaliana naye: Kiswahili kilikuwa sawa. Upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari, istilahi ziliteuliwa kwa makini, koma zilikaa mahali pake. Lau ingekuwa insha, ningempa alama za juu. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Skripti ya video haisomwi na mtazamaji. Husomwa na msemaji mmoja, kisha wengine wote huisikia, tena mara moja tu. Jicho likipotea katika sentensi hurudi nyuma. Sikio halirudi.

Kwa hiyo nilimwambia aisome kwa sauti, airekodi kwa simu, anitumie. Nilikaa sebuleni na karatasi mkononi, nikawa natia mkwaju kwa penseli kila mahali alipovuta pumzi. Ni mbinu ya kale, haina gharama, na sijaona inayoishinda. Pumzi ikiangukia mwisho wa kishazi, sentensi ni nzima. Pumzi ikiangukia katikati ya kirai, kwa mfano kati ya "afya" na "ya binadamu", sentensi ina kasoro hata kama mwalimu wa sarufi ameipitisha.

Mkwaju mbaya kuliko yote ulikuwa katika sentensi hii:

"Ukaushaji wa mahindi ambao haukufanywa kwa njia inayofaa baada ya kuvunwa kwake unaweza kusababisha kuzaliana kwa ukungu ambao huzalisha sumu inayojulikana kama aflatoksini, ambayo ni hatari kwa afya ya binadamu na mifugo, na ambayo haiwezi kuondolewa kwa kupikwa."

Kiswahili kina hisani moja ambayo lugha nyingi hazina: silabi zake huhesabika kwa urahisi, maana karibu kila irabu ina silabi yake. Nilizihesabu za sentensi hii nikapata 111. Mpwa wangu alivuta pumzi mara nne ndani yake, mara mbili katikati ya kirai, na alipofika kwenye "kupikwa" sauti yake ilikuwa imefifia kama ya mtu aliyepanda ngazi za ghorofa ya sita. Bahati mbaya ni kwamba hilo ndilo neno ambalo msikilizaji alihitaji zaidi kulisikia. Mama anayedhani kwamba githeri ikichemka kwa saa tatu sumu itakuwa imekwisha ndiye aliyekuwa akiambiwa kwamba si kweli, na aliambiwa kwa mnong'ono.

Lakini urefu peke yake si hoja. Tazama kitenzi kikuu kiko wapi. Kiima ni "ukaushaji", na kitenzi chake ni "unaweza". Kabla ya kitenzi hicho kufika, silabi 34 zimekwisha kupita. Muda wote huo msikilizaji ameshikilia kiambishi cha ngeli kichwani, kile u- cha ukaushaji, akingoja kukikabidhi kwa kitenzi. Njiani anakutana na mahindi, anakutana na njia, anakutana na "kuvunwa kwake", anajiuliza kuvunwa kwa nini hasa. Kisha, kabla hajapumua, ukungu nao unakuja na u- yake. Kwenye karatasi viambishi hivi hutusaidia kuunganisha maneno yaliyo mbali. Masikioni, umbali ukizidi, huwa kama funguo nyingi zinazofanana kwenye mshipi mmoja.

Tena angalia nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi: ukaushaji, kuvunwa, kuzaliana. Katika sentensi nzima hakuna mtu anayekausha wala anayevuna. Huu ni mtindo wa ofisi, na mimi mwenyewe nimeutumia katika ripoti nyingi ninazoona haya kuzikumbuka. Kinywani mwa mtu anayezungumza na jirani yake, nomino hizi hurejea kuwa vitenzi. Hakuna mkulima anayesema "ukaushaji wangu haukufanikiwa". Husema mahindi yangu hayakukauka.

Tukaijenga upya hivi: "Mahindi yasipokauka, huota ukungu. Ukungu huo huacha sumu. Sumu hiyo haionekani, wala haitoki kwa kupikwa."

Sasa ni silabi 45, zimegawika katika sentensi tatu. Lakini naomba msomaji asitazame hesabu pekee, atazame mwendo. Sentensi ya kwanza inaishia kwa ukungu. Ya pili inaanza kwa ukungu na kuishia kwa sumu. Ya tatu inaanza kwa sumu. Jambo jipya linawekwa mwishoni, mahali ambapo sauti hutua, kisha linachukuliwa na sentensi inayofuata kama jambo ambalo sasa linajulikana. Ndivyo watu wanavyosimulia habari ya ajali barabarani au ya harusi waliyotoka kuhudhuria. Msikilizaji hashikilii kitu kichwani. Anakabidhiwa kimoja kimoja. Jina la aflatoksini tuliliacha liandikwe kwenye skrini, litajwe baadaye mara moja.

Mpwa wangu aliuliza swali zuri: sentensi ya kusemwa iwe na silabi ngapi? Nikamjibu kwamba swali hilo lilijibiwa zamani na washairi wetu. Shairi la tarbia tulilozoea huwa na mizani 16 kwa kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na baina yake pana mahali pa kutua. Utenzi huwa na mizani nane kwa kipande. Tungo hizi zilikusudiwa kughaniwa mbele ya watu, na kipimo chake kinafuata kifua cha mghani na sikio la hadhira. Kwa hiyo kipimo changu mwenyewe, ambacho simlazimishi mtu, ni hiki: kati ya pumzi na pumzi pawe na silabi nane hadi 20 hivi. Zikifika 30, tafuta pa kukata. Zikipita 40, usitafute, kata.

Palikuwa na makosa mengine ambayo hayakuhusu urefu. Skripti ilisema: "Usianike mahindi yaliyotoka shambani moja kwa moja kwenye udongo." Isome tena. Ni mahindi yaliyotoka shambani moja kwa moja ambayo hayafai kuanikwa kwenye udongo, au ni kuyaanika moja kwa moja kwenye udongo kunakokatazwa? Mwandishi alijua alichokusudia, na msomaji huenda akakisia. Msikilizaji aliyeshika maana ya kwanza ataondoka akiamini kwamba mahindi yaliyolala nyumbani siku mbili yanaweza kumwagwa chini. Tukaandika: "Mahindi yakitoka shambani, usiyaanike chini. Tandika turubali kwanza."

Hapa kiambishi cha mtendwa, lile -ya- katika "usiyaanike", kinafanya kazi kubwa. Kiswahili cha kusemwa hupenda kulitaja jambo mwanzoni, kulitua, kisha kulirejelea ndani ya kitenzi: yule mtoto, nimemwona, zile pesa, nimezipata. Baadhi ya walimu wa uandishi huona muundo huu kama urudiaji. Katika maandishi labda. Kinywani ni msingi wa mdundo wenyewe, kwa sababu humwezesha msemaji kukata sentensi ndefu vipande viwili bila kupoteza upatanisho.

Aliniuliza pia, kwa woga kidogo, kama anaweza kusema "mahindi yenye hayajakauka", maana ndivyo vijana wanavyosema, na "ambayo" inamchosha. Nilimwambia kwamba kuchoka kwake kuna haki ila dawa aliyochagua siyo. Skripti ilikuwa na "amba-" 19 katika kurasa tatu, na kila moja ni silabi tatu zisizobeba habari. Lakini sarufi sanifu tayari ina njia fupi kuliko hiyo yenye ya mitaani: kirejeshi kikae ndani ya kitenzi. "Ambayo hayajakauka" ni silabi tisa, "yenye hayajakauka" ni nane, "yasiyokauka" ni sita. Wakati mwingine usanifu ndio wenye kasi zaidi. Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi kulisema hilo.

Sasa nije kwa mwanzo, ambao ndio ulimfukuza mtazamaji. Skripti ilianza hivi: "Hamjambo watazamaji wetu wapendwa popote pale mlipo, ndani na nje ya nchi. Karibuni tena katika kipindi chenu mkipendacho, ambapo huwa tunajadili masuala mbalimbali yanayohusu kilimo. Kabla hatujaanza, tafadhali usisahau kubonyeza kitufe cha kujiunga." Kisha ikafuata aya moja ya kutueleza kwamba mahindi ni zao muhimu nchini Kenya, na nyingine ya kueleza kwamba mkulima hukumbwa na changamoto mbalimbali. Katika rekodi aliyonitumia, neno "chumvi" lilisikika kwa mara ya kwanza katika sekunde ya 84. Nalitaja neno hilo kwa sababu chumvi ndiyo iliyokuwa kiini cha video. Kuna njia ya kupima unyevu wa mahindi nyumbani kwa chupa na chumvi, na mtu yeyote mwenye jiko anaweza kuifanya. Mtazamaji alikaa karibu dakika moja na nusu akielezwa mambo anayoyajua: kwamba yeye ni mtazamaji, kwamba mahindi ni chakula, na kwamba kilimo kina taabu.

Nilipomwambia aifute sehemu yote hiyo, alinijia juu. "Mjomba, mtu ataingiaje nyumbani kwa watu bila hodi? Wazee wa huku wakiona nimeanza tu kuongea watasema sina adabu."

Hoja hii si ya kupuuza, na nililala nayo. Salamu za Kiswahili ni mazungumzo ya watu wawili. Ukisema hujambo, unangoja sijambo. Ukipiga hodi, unangoja karibu. Sehemu kubwa ya adabu ya salamu imo katika kule kungoja. Video haiwezi kungoja. Msemaji anapoamkua, anakaribisha, anashukuru na kuomba radhi mfululizo bila kujibiwa, kinachosikika ni tangazo, na sikio la Mkenya limezoea kutega baada ya tangazo kwisha. Isitoshe, hodi yenyewe ni neno moja. Asiyeacha kuibisha hata baada ya kukaribishwa ndiye tunayemshangaa.

Kulikuwa na jambo jingine. Alianza kwa "hamjambo" na "watazamaji", kisha akarukia "usisahau". Wingi ule ni urithi wa redio na wa mkutano wa chifu. Mtu anayetazama video kwenye simu huwa peke yake, mara nyingi na kisikizio sikioni, na akisemeshwa kwa wingi hugeuka kuwa mmoja wa umati. Kama video hiyo ingeonyeshwa kwenye baraza, kwa projekta, mbele ya wakulima 50, ningemwambia abaki na wingi na arefushe salamu kidogo, kwa kuwa hapo watu wenyewe wangemwitikia.

Mwanzo mpya tuliokubaliana ni huu. Anaonekana ameshika chupa, chembechembe nyeupe zimenata kwenye kioo, naye anasema: "Hii chumvi imeganda kwenye chupa. Ina maana mahindi haya hayajakauka. Ukiyaweka ghalani leo, yataota ukungu. Hujambo? Nikuonyeshe unavyoweza kuyapima nyumbani, kwa chupa na chumvi tu."

Salamu ipo. Imekuja baada ya sababu ya kusikiliza, kama mtu anayeita kutoka langoni "mama, ng'ombe wako ameingia shambani!" halafu ndipo anapoamkua. Wazee wa huko hawatamlaumu. Ombi la kubonyeza kitufe lilihamishiwa mwisho, na zile aya mbili za umuhimu wa mahindi hazikuhamishiwa popote.

Siku mbili baadaye alinitumia rasimu ya pili, na hapo nikajifunza kwamba nilikuwa nimemfundisha vibaya. Alikuwa ameshika panga akakata kila kitu: "Vuna mahindi. Menya. Tandika turubali. Anika. Geuza. Funika jioni." Kila sentensi ilisemeka kwa pumzi moja, na zote pamoja zilisikika kama amri za gwaride. Sentensi fupi zikifuatana zenye kiimbo kilekile hulaza kama sentensi ndefu, kwa sababu sikio haliambiwi lipi kubwa na lipi dogo. Kuanika na kufunika yakawa sawa, ilhali kufunika hutegemea saa na mvua.

Kiswahili kina viungo vyake vya kuzuia hali hii, na vingi vimo ndani ya kitenzi: -ki- ya sharti na ya wakati, -sha- ya ukamilifu, -ka- ya mfuatano, pamoja na ile dhamira tegemezi inayounganisha amri ya pili na ya kwanza. Tukaandika: "Ukishavuna, menya mahindi, uyaanike kwenye turubali. Yageuze mara kwa mara. Jioni ikifika, au mvua ikitishia, yafunike." Kuna sentensi ya wastani, kuna fupi, kuna yenye vituo viwili inayomalizikia kwa neno moja zito. Msemaji hahitaji kuambiwa aongeze sauti wapi, kwani mpangilio unamwongoza. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na "yafunike" ikisimama peke yake baada ya kituo, ile -ni- yake husikika vizuri.

Kosa kubwa zaidi la rasimu ya pili lilikuwa kwingine, na ndilo linalonifanya niandike makala haya. Katika kukata, mpwa wangu alikuwa amekata ukweli. Skripti ya kwanza, kwa urefu wake wote wa kuchosha, ilikuwa sahihi. Ya pili ilisema: "Chumvi isipoganda, mahindi ni salama. Weka ghalani."

Nilimwomba anieleze kipimo chenyewe polepole, kama mtu asiyejua lolote, na kusema kweli sikujua lolote. Unachukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, ya kama mililita 750. Unaijaza mahindi yaliyopukuchuliwa hadi theluthi. Unaongeza vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi, unafunga kifuniko, unaitikisa kwa nguvu kwa dakika moja, kisha unaiacha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15. Isiponata, uko chini ya hapo.

"Na kiwango cha kuhifadhi ni kipi?" nikauliza.

"Thelathini na... samahani mjomba, asilimia kumi na tatu nukta tano."

Basi. Chupa inaweza kukuambia kwamba umeshuka chini ya 15, lakini haikuambii kama umefika 13.5. Baina ya namba hizo mbili mahindi yanaweza kuharibika ghalani, na sentensi yake fupi ilikuwa imeliziba pengo hilo kwa neno moja, "salama". Halafu kuna la pili ambalo ni zito zaidi. Chupa hupima maji, haipimi sumu. Mahindi yaliyoota ukungu wiki jana yakikaushwa leo hayataachia chumvi inate, na sumu itakuwemo vilevile. Mtu aliyetazama video ile hadi mwisho, akaifuata neno kwa neno, angeweza kupika mahindi hayo kwa moyo mweupe.

Ninawasahihisha wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30, na mara nyingi nimewaandikia pembeni "fupisha" bila kufikiri. Katika lugha ya kitaalamu, maneno yanayorefusha sentensi huwa ya aina mbili. Yapo ya mapambo, kama "mbalimbali", "masuala yanayohusu" na "kama tunavyojua sote". Haya futa usiku na mchana. Lakini yapo yanayoweka mipaka ya kauli: ila, hadi, isipokuwa, baadhi, bado. Haya nayo huonekana kama uzito, hata mwandishi mwenye haraka huyatupa pamoja na takataka. Njia ya kuyatambua ni kufuta neno kisha kuuliza kama mtu atatenda jambo tofauti baada ya kulikosa. Akitenda tofauti, lirudishe, na ulipe sentensi yake lenyewe badala ya kulibanika ndani ya nyingine.

Ndivyo tulivyofanya. Sehemu hiyo sasa inasema: "Chumvi ikiganda, rudisha mahindi juani. Isipoganda, maji yamepungua, ila bado usikimbilie ghalani. Endelea kuyaanika, kisha ulete kiasi kidogo tukupimie kwa mashine. Na kuna jambo moja. Chupa hii hupima maji. Haipimi sumu. Mahindi yaliyoota ukungu, hata ukiyakausha, usiyale. Usimpe ng'ombe pia, maana sumu hupita kwenye maziwa." Ni ndefu kuliko rasimu ya pili karibu mara saba. Ina pumzi nyingi, na kila pumzi iko mahali pake. Ile "na kuna jambo moja" haina habari yoyote. Kazi yake ni kumfanya mtazamaji ainue kichwa kabla ya chupa kukanushwa. Namba 13.5 tuliiandika kwenye skrini. Ukiitamka pamoja na "asilimia" ni silabi 14, na yeye mwenyewe, afisa anayeijua kama jina lake, ilimteleza.

Rekodi ya mwisho ilifika Jumapili alasiri. Niliicheza kwa sauti sebuleni bila kumwambia mtu lolote, mke wangu akiwa jikoni anachagua maharagwe. Rekodi ya kwanza aliisikia pia, na nilipomuuliza imesema nini alinijibu, "Mambo ya sumu." Safari hii hakungoja kuulizwa. Alitoka na mkebe wa chumvi mkononi, akanionyesha jinsi ilivyoshikana kwa sababu ya mvua za wiki ile, akauliza: "Na hii je, si itanata kwenye chupa hata kama mahindi ni makavu?"

Nilimpigia mpwa wangu simu. Akacheka, akasema ni kweli, jambo hilo analijua tangu chuoni na hakuwahi kufikiria kulisema. Tukaongeza sentensi moja kabla ya kutikisa chupa: "Chumvi nayo iwe kavu." Silabi nane.